Stopu Inayofuata Bei: Nani Aliyemtoa Mwenye Nvidia Njiani?

Tarehe 29 Oktoba 2025 Nvidia ilifunga siku ikiwa na thamani ya zaidi ya dola trilioni 5, kampuni ya kwanza duniani kufika hapo. Tangu siku hiyo, miongoni mwa watu wetu wanaonunua hisa za Marekani kwa simu, swali limekuwa moja: mbona wengi waliinunua hisa hii mapema, wakaiona ikipanda, na bado wakatoka na faida ya kununulia viatu? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba walikosa subira. Mimi naona jibu hilo linawaonea. Wengi ninaowafahamu walikuwa na nidhamu kamili. Waliweka stopu inayofuata bei, yaani amri ya kuuza inayopanda nyuma ya bei, kama walivyofundishwa, hawakuigusa, na ndiyo iliyowatoa. Ilifanya kazi sawasawa na ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa kwenye agizo.

Hoja yangu ni hii. Aina ya stopu unayochagua haileti tofauti kubwa kwenye biashara zinazokwenda vibaya, kwa sababu hizo zitakatwa na stopu yoyote. Tofauti yote iko kwenye zile chache zinazopanda mara tatu, mara tano, mara kumi. Stopu ya asilimia, stopu ya thurea na stopu ya wastani zinaitendea hisa ya namna hiyo kwa njia tofauti kabisa. Anayezichagua kwa kuuliza ipi inalinda faida vizuri zaidi anauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni: ipi itaniacha nibaki ndani?

Tuanze na zenyewe zilivyo. Stopu ya asilimia ndiyo iliyo kwenye programu nyingi za madalali, kitufe kimeandikwa `Trailing Stop`, unajaza 10 au 15 na kumaliza. Hisa ikipanda, mstari wa kuuza unapanda nyuma yake kwa umbali uleule wa asilimia; hisa ikishuka, mstari unasimama na kungoja. Haijui chochote kuhusu hisa yenyewe. Kampuni ya umeme inayotikisika nusu asilimia kwa siku na kampuni ya chipu inayotikisika asilimia 4 zinapewa kamba ya urefu mmoja.

Stopu ya thurea ilibuniwa na Mmarekani Chuck LeBeau kuondoa kasoro hiyo. Jina lake linaeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kuingia msikiti wa zamani wa Unguja au Lamu akaangalia juu: thurea haisimami sakafuni, inaning'inia kutoka darini. Dari hapa ni bei ya juu kabisa iliyofikiwa, na urefu wa mnyororo ni mtikisiko wa kawaida wa hisa hiyo, unaopimwa kwa ATR, kipimo alichokileta Welles Wilder mwaka 1978. ATR inachukua umbali wa kila siku kati ya bei ya juu na ya chini, ikihesabu pia pengo kutoka bei ya kufunga ya jana, kisha inatafuta wastani wake. Mpangilio unaokuja na programu nyingi za chati ni huu:

```
Chandelier Exit = HHV(22) - 3 × ATR(22)
```

Yaani bei ya juu kabisa ya siku 22, ambazo ni takriban mwezi wa soko, toa mara tatu ya mtikisiko wa wastani wa siku hizohizo.

Ya tatu, stopu ya wastani unaosogea, haining'inii kutoka popote. Inajumlisha bei za kufunga za siku 50 au 200 zilizopita, inagawanya, na kuchora mstari. Bei ikifunga chini ya mstari, unauza. Angalia tofauti iliyo hapa, maana wengi huipita. Stopu mbili za kwanza zinapima umbali kutoka kileleni. Hii haina habari na kilele. Hisa ikipaa asilimia 24 kwa siku moja, stopu ya asilimia inapaa nayo siku hiyohiyo, ya thurea karibu hivyohivyo, lakini wastani wa siku 200 unasogea kidogo mno. Tabia hiyo moja ndiyo chanzo cha uzuri wake wote na ubaya wake wote.

Kwa nini nasema washindi wakubwa ndio wa kuangaliwa kwanza? Mtafiti Hendrik Bessembinder wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona alizichambua hisa zote za kawaida za Marekani tangu 1926, na utafiti wake uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4 tu ya kampuni ndizo zilizoleta utajiri wote wa soko lile juu ya ule ambao ungepatikana kwa kuweka fedha kwenye hati fupi za serikali. Zilizobaki, zikijumlishwa, zilitoka sare. Daftari la mfanyabiashara mmoja nalo hufanana na hilo. Chukua biashara 20 za ukubwa sawa. Kumi na tatu zimekula hasara ya asilimia 6 kila moja, jumla 78. Sita zimeleta faida ya asilimia 8, jumla 48. Mpaka hapo uko chini kwa 30. Ya ishirini ikiachwa ikapanda asilimia 300, daftari linafunga kwa faida ya 270. Ikikatwa kwenye asilimia 25, daftari linafunga kwa hasara ya 5. Biashara kumi na tisa hazikubadilika hata senti.

Sasa tuichukue Nvidia yenyewe, kipindi kimoja tu, tuone kila stopu ingefanya nini. Bei zote ninazotaja zimerekebishwa kwa mgawanyo wa hisa wa Juni 2024, ambapo hisa moja iligeuzwa kumi. Ndivyo utakavyoziona kwenye chati leo.

Ijumaa ya tarehe 8 Machi 2024 hisa ilipanda asubuhi mpaka dola 97.40, kisha ikageuka na kufunga 87.53. Ndani ya siku moja ilitoa asilimia 10 kutoka juu. Mwenye stopu ya asilimia 10 inayohesabiwa kutoka bei ya juu ya siku alikuwa na mstari wake kwenye 87.66, na akatolewa siku hiyohiyo. Kwa mwenye thurea, ATR ya siku 22 kwa hesabu yangu ilikuwa kwenye dola 3.50 hivi, baada ya wiki za mitikisiko mikubwa iliyoanza na matokeo ya Februari. Mara tatu ni 10.50, kwa hiyo mstari ulikuwa karibu na 86.90. Ijumaa, kwa bei ya kufunga, alipona kwa senti chache. Jumatatu tarehe 11 hisa ilifunga 85.77 naye akatoka. Mwenye asilimia 20 hakuguswa, na wenye wastani wa siku 50 na 200 walikuwa mbali kabisa na hatari.

Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Machi, hisa ilifunga 95.00. Kisha ikaanza kulegea, mpaka Ijumaa ya tarehe 19 Aprili ikaanguka asilimia 10 kwa siku moja, ikagusa 75.61 na kufunga 76.20. Siku hii inafaa kutazamwa kwa makini kuliko zote. Mwenye asilimia 20 inayohesabiwa kutoka bei ya juu ya ndani ya siku, yaani 97.40, alikuwa na mstari kwenye 77.92, na akauziwa hisa zake. Lakini mwenzake mwenye asilimia hiyohiyo 20, aliyeamua kuhesabu bei za kufunga pekee, alikuwa na mstari kwenye 76.00 kamili, kwa sababu kilele chake kilikuwa 95.00. Hisa ilifunga 76.20. Alibaki ndani kwa senti 20. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Juni, hisa hiyo ilifunga 135.58. Watu wawili, asilimia ileile, hisa ileile. Mmoja alishuka kwenye 77 na mwingine akaona ongezeko la karibu asilimia 78 kutoka pale alipoponea. Kilichowatenganisha ni mpangilio mmoja ambao programu nyingi za simu hazikuulizi kabisa: bei gani inayohesabiwa.

Na wa wastani wa siku 50? Huyo ndiye aliyeumia kuliko wote, na nasema hivi nikijua wapo wanaouheshimu mstari huo kupita kiasi. Wastani wake siku hiyo ulikuwa juu ya dola 83. Hisa ilifunga 76.20, akauza, karibu chini kabisa ya bonde. Wiki moja tu baadaye bei ilikuwa imerudi juu ya mstari, kwenye dola 87 na ushee. Kama kanuni yake ilimruhusu kurudi, alinunua tena asilimia 15 ghali kuliko alivyouza. Kama haikumruhusu, alikaa nje akitazama safari yote ya kwenda 135. Wastani wa siku 200, ambao wengi huucheka kwa uzito wake, haukuguswa hata kwa ncha ya mshumaa wa chati.

Kwa hiyo katika miezi hiyo minne ya 2024 mpangilio wa wanaobaki haukufuata majina ya stopu. Stopu moja ya asilimia iliuza mapema kuliko zote, na nyingine ya asilimia ikabaki mpaka kileleni. Wastani mmoja uliuza pabaya kuliko zote, na mwingine haukutikisika. Thurea, iliyotengenezwa mahsusi kuheshimu mtikisiko wa hisa, ilitoka wa pili. Anayekuambia thurea ni bora kuliko asilimia bila kutaja namba zilizo nyuma ya kila moja hajakuambia kitu. Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu aina kwa kweli ni ubishi kuhusu umbali.

Lakini si wote, na hapa ndipo uchambuzi unapofaa kwenda taratibu. Ukishazilinganisha stopu hizi kwa umbali, tabia zao bado zinaachana pale mtikisiko wa hisa unapobadilika. Thurea ina udhaifu ambao sijaona ukisemwa vya kutosha. Hisa ikipanda kimyakimya kwa wiki kadhaa, hatua ndogo ndogo za kila siku, ATR inasinyaa. Mnyororo unafupika. Mstari unaisogelea bei kwa sababu tu mambo yamekuwa shwari. Halafu inakuja siku ya kwanza yenye kelele, labda taarifa ya mapato, labda neno la benki kuu, na umbali uliopo ni wa siku za utulivu. Hisa kubwa zinazopanda kwa muda mrefu zinaishi hivyohivyo: utulivu mrefu, kishindo, utulivu tena. Ndiyo maana thurea ya mara tatu, inayoonekana pana kwenye karatasi, huwatoa watu kwenye kishindo cha kwanza baada ya utulivu. Aliyeizoea anaongeza kizidisho kuwa nne au tano kwa hisa anayokusudia kukaa nayo, au anapima ATR kwa siku nyingi zaidi ili utulivu wa wiki tatu usiweze kuufupisha mnyororo.

Kuna jambo jingine la thurea linalojificha kwenye programu. Dari ya siku 22 inasahau. Kilele kikitimiza siku ya 23 kinatoka kwenye hesabu, na hisa ikiwa imelala kwa mwezi mzima, mstari unashuka wenyewe. Programu nyingine zinauzuia usishuke, nyingine zinauacha. Wengine, kwa kufuata wazo la awali, wanahesabu kilele tangu siku ya kununua, ambacho hakisahauliki kamwe. Hizi ni stopu tofauti zilizovaa jina moja. Ukiona mtu ameonyesha matokeo mazuri ya thurea, muulize kwanza kama mstari wake unaruhusiwa kushuka.

Sasa tuwasikilize wanaotetea stopu ya karibu, kwa sababu hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo nzito ni ya Zoom. Tarehe 19 Oktoba 2020 hisa ya Zoom ilifunga dola 568. Mwisho wa 2021 ilikuwa kwenye 184, na mwisho wa 2022 kwenye 68. Haijarudi. Stopu ya asilimia 20 ilimtoa mtu mwanzoni mwa Novemba 2020 akiwa bado ameshika sehemu kubwa ya faida. Wastani wa siku 200 ulikuwa chini mno, kwa sababu hisa ilikuwa imepaa kwa kasi na wastani haukuweza kuifikia. Aliyeungoja alitoka mwaka uliofuata akiwa amerudisha zaidi ya theluthi ya bei ya kileleni. Hili haliwezi kupuuzwa. Hata kwa Nvidia yenyewe, siku ile ya Juni 2024 bei ikiwa 135, wastani wa siku 200 ulikuwa kwenye dola 70 hivi. Kama kile kingekuwa kilele cha mwisho, mwenye wastani angerudisha karibu nusu ya bei kabla ya kuambiwa uza. Anayechagua wastani mrefu anapaswa kulitazama umbo hilo machoni na kulikubali kabla, maana hakuna atakayelikubali katikati ya mporomoko.

Hoja yenye uzito wa kati ni ya anayesema mimi simfuati mshindi mkubwa, nafanya biashara nyingi za siku tano au kumi, natosheka na asilimia 8 kila mara. Huyo yuko sahihi kwa kazi yake. Stopu yake iwe ya karibu, na makala hii haimhusu sana, mradi tu daftari lake lionyeshe kwamba anashinda mara nyingi vya kutosha kulipia zinazopotea.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: faida iliyoingia mfukoni haipotei, kwa hiyo stopu ya karibu haiwezi kukudhuru. Inapotea. Haipotei kwenye biashara ile, inapotea kwenye daftari. Rudi kwenye biashara zile 20: aliyefunga kwenye asilimia 25 aliweka faida mfukoni kweli, na akamaliza mwaka akiwa na hasara, kwa sababu hasara 13 zilikuwa zimeshalipwa na hakubaki na cha kuzifidia. Hasara ya kumkata mshindi mapema haina mstari mwekundu kwenye taarifa ya akaunti. Inaonekana kama biashara nzuri yenye rangi ya kijani. Ndiyo maana mtu anaweza kuirudia miaka mitano bila kujua kinachomla. Mwenyewe nilinunua Nvidia mwishoni mwa Mei 2023 kwenye dola 38, nikaweka asilimia 15, na Septemba ile nikauziwa kwenye dola 42. Niliiandika kwenye safu ya ushindi. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba ile ndiyo biashara iliyonigharimu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Wapo pia wanaoiona stopu, ya aina yoyote, kama bei iliyohakikishwa. Tarehe 27 Januari 2025, Jumatatu, habari za modeli ya akili mnemba ya Kichina ya DeepSeek zilipofika sokoni, Nvidia iliyokuwa imefunga 142.62 Ijumaa ilifungua karibu na 125 na kumaliza siku kwenye 118.42. Karibu dola bilioni 600 za thamani zilifutika, anguko kubwa kuliko yote ya siku moja mpaka wakati ule kwa kampuni moja katika soko la Marekani. Aliyekuwa na mstari kwenye 138, au 134, au 128, hakuuza kwenye 138 wala 134 wala 128. Aliuza kwenye 125, pamoja na wenzake wote. Stopu ni amri ya kuuza kwa bei itakayopatikana pindi mstari ukiguswa, na pengo la usiku halina bei katikati. Kuiweka karibu zaidi hakukumsaidia yeyote asubuhi ile. Kwa wenzetu wa dhahabu na fedha za kigeni wanaotumia MetaTrader kuna la ziada: stopu inayofuata ya programu ile inaendeshwa na kompyuta yako, si na seva ya dalali. Umeme ukikatika au ukifunga programu, mstari unabaki pale ulipofika mara ya mwisho. Na inahesabu kwa pointi, si kwa asilimia wala ATR, kwa hiyo umbali uliofaa dhahabu ikiwa dola 1,900 ni mfupi mno inapokuwa juu ya 4,000.

Siku hiyohiyo ya Januari ndiyo iliyomtoa mwenye wastani wa siku 200, kwa mara ya kwanza tangu Januari 2023 alipoingia bei ilipovuka mstari kwenye dola 17 au 18. Alikuwa amekaa miaka miwili na amezidisha fedha yake zaidi ya mara sita na nusu. Alirudisha kiasi gani kutoka kileleni? Kufunga kwa juu kulikuwa 149.43 mapema mwezi ule, kwa hiyo asilimia 21 hivi. Karibu sawa na ambavyo stopu ya asilimia 20 ingerudisha. Sababu ni kwamba hisa ilikuwa imezunguka mahali pamoja tangu katikati ya 2024, na wastani ukapata muda wa kuifikia. Hivyo ndivyo wastani ulivyo: ukali wake unategemea mwendo wa hisa. Hisa ikipaa, unailegezea. Hisa ikichoka, unaisogelea. Mwenye asilimia 20, hata yule aliyepona kwa senti 20 Aprili, alikuwa ameshatoka zamani. Tarehe 30 Julai 2024 hisa ilifunga 103.73, chini ya mstari wake wa 108.46, na Oktoba ilikuwa juu ya 140.

Sitaki msomaji aondoke akidhani nimempa wastani wa siku 200 taji. Nvidia ni hisa moja, nami nimeichagua nikijua imefika wapi. Ukichagua Zoom hadithi inageuka. Na baada ya Januari 2025 wastani huo ulichapwa. Bei ilirudi juu yake kidogo Februari, ikashuka tena, na Aprili, wakati ushuru wa Trump ulipoliangusha soko zima, ikafunga 94.31. Aliyetumia stopu pana ya asilimia 30 kutoka kufunga kwa juu, iliyokuwa imevumilia kila kitu tangu 2023, alitolewa tarehe 3 Aprili kwenye 101.80, siku moja kabla ya sakafu hiyo. Siku tatu za soko baada ya sakafu, hisa ilipanda karibu asilimia 19 kwa siku moja. Hakuna hata stopu moja kati ya nilizozitaja iliyombeba mtu kutoka dola 17 mpaka 207 za Oktoba 2025 bila kumshusha njiani.

Hapo ndipo yanapotokea matokeo ambayo wanaobishana kuhusu aina za stopu huwa hawayafikii. Ikiwa kila stopu itakutoa angalau mara moja kwenye hisa inayopanda mara kumi, basi kanuni ya kurudi ni nusu ya stopu yenyewe. Wastani una faida hapa isiyohusiana na ulinzi: mstari uleule unaokutoa ndio unaokurudisha. Mei 2025 bei ilivuka tena wastani wa siku 200 ikiwa kwenye 130, na aliyefuata kanuni alinunua. Alilipa ghali kuliko alivyouza Januari, ndiyo, kama asilimia 10. Ni ada, na inauma kuilipa. Stopu ya asilimia haina mlango wa kurudi. Ikishakutoa imemaliza kazi, na kinachobaki ni wewe na kinyongo cha kununua juu ya bei uliyouzia. Mwenye thurea naye lazima aandike mlango wake, kwa mfano kununua tena bei ikifunga juu ya kilele kilichomtoa. Machi 2024 mlango huo haukufunguka kwenye 95.00, kwa kuwa kilele kilikuwa 97.40. Ulifunguka Mei, baada ya taarifa ya mapato, hisa ikiwa imevuka dola 100. Aliyekuwa ameandika kanuni hiyo alipata sehemu ya safari ya 135. Asiyeandika alikuwa bado anasubiri ishuke.

Kama unataka kujua stopu yako ni ya namna gani, usiipime kwa hasara ilizokuokoa. Fungua historia ya akaunti, chukua biashara tano zilizokupa faida kubwa zaidi kwa miaka miwili, na kwa kila moja andika bei uliyotolewa na bei ya juu ambayo hisa ilifika ndani ya miezi kumi na miwili baada ya hapo. Kisha tafuta mshuko mkubwa kabisa, kwa bei za kufunga, ambao ungelazimika kuuvumilia ili ufike kule. Kwa Nvidia, kutoka Mei 2023 mpaka Juni 2024, mshuko huo ulikuwa chini kidogo tu ya asilimia 20. Ulitokea Aprili. Ule wa vuli ya 2023 ulikuwa asilimia 18. Stopu yangu ilikuwa 15.